Mteja alisema saa tatu, roboti ikaandika saa tisa alasiri

Haipiti wiki bila mtu kutuuliza swali lile lile, wengine kwa upole, wengine wakiwa wameshakasirika: mbona roboti ya mazungumzo ya Kiswahili mnaitoza zaidi ya ile ya Kiingereza, na kazi ni moja? Juzi mmoja alituambia wazi kwamba tumemwibia. Alikuwa na roboti yake ya Kiingereza inayofanya kazi vizuri, akaongeza mstari mmoja kwenye maelekezo, "Jibu kwa Kiswahili," na ikajibu Kiswahili kilichonyooka. Sasa sisi tunalipisha nini?

Tunajibu kwa kisa, maana kwa simu tumechoka.

Mwenye kliniki moja ya meno alikuwa amefanya hivyo hivyo, mstari mmoja tu. Mgonjwa akaandika: "Naomba nafasi kesho saa tatu." Roboti ikamjibu: "Sawa, karibu kesho saa tatu." Soma meseji hizo mara kumi, kosa hulioni. Lakini kwenye kalenda ya kliniki nafasi iliandikwa `15:00`. Mgonjwa akafika saa tatu asubuhi, akakuta kiti kina mtu. Saa tisa alasiri daktari akakaa kumsubiri mtu ambaye alishaondoka na hasira zake. Mambo yaliendelea hivyo karibu wiki mbili, kwa sababu mwenye kliniki alikuwa anakagua mazungumzo, kalenda haangalii. Aliona Kiswahili kizuri akaridhika.

Kilichotusumbua tulipoletewa kazi hiyo ni kwamba makosa hayakuwa ya namna moja. Waliosema "saa tatu asubuhi" wengine walipangiwa `09:00`, sawasawa kabisa. Wengine roboti ilisoma `03:00`, ikaona kliniki imefungwa, ikawaambia: "Samahani, saa tatu asubuhi hatujafungua." Fikiria unaambiwa hivyo na kliniki unayoiona iko wazi. Kosa la kila siku lingegundulika siku ya kwanza. Hili la leo ndiyo kesho siyo ndilo linalokula biashara ya mtu kimyakimya.

Chanzo kiko ndani ya roboti: majibu yake hutungwa na programu iitwayo modeli ya lugha, nayo hujifunza kwa kusoma maandishi mengi mno, na maandishi hayo hayakugawanywa sawa. Mwaka 2019 ilitoka modeli ya lugha nyingi iitwayo XLM-R, na waundaji wake walitaja kiasi cha kila lugha: Kiingereza kama gigabaiti 300, Kiswahili 1.6. Mwaka 2023 waundaji wa Llama 2 walitoa jedwali la lugha zilizofikia angalau asilimia 0.005 ya data yao. Kiingereza kilikuwa asilimia 89.70. Kiswahili hakimo hata kwenye jedwali. Lugha inayosemwa na mamilioni ya watu, lakini watu hao wanaisema zaidi kuliko wanavyoiandika hadharani, na modeli inasoma zaidi kilichoandikwa hadharani.

Sasa, kidogo hicho inachokisoma ni cha aina gani? Habari za redio na magazeti, maandiko ya dini, makala za kamusi elezo, na kurasa nyingi zilizotafsiriwa na mashine. Watu wawili wanaopangiana miadi kwa meseji za mkato, hao hawamo. Na kurasa za mashine zina ubaya wake: zikikuta saa ya Kiingereza, zinaihamisha tarakimu kama ilivyo. Kwa hiyo modeli imesoma "saa 3 asubuhi" iliyoandikwa na mtu, ikimaanisha `09:00`, na imesoma "saa 3 asubuhi" ya mashine, ikimaanisha `03:00`. Mashahidi wawili, hawapatani, na wa kweli hakuletwa mara za kutosha.

Basi modeli inafanya nini ikipungukiwa? Inakopa. Lugha zote zinakaa ndani ya modeli moja, na kilichojifunzwa kwa Kiingereza huvuka hadi Kiswahili. Mara nyingi mkopo huo ni neema. Muulize modeli kwa Kiswahili kwa nini fizi zinatoka damu, atakujibu vizuri, ingawa maarifa hayo karibu yote aliyasoma kwa lugha nyingine. Damu ni damu. Tatizo linakuja pale tu ambapo Kiswahili hakifuati njia ya Kiingereza. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama. Yao inaanza usiku wa manane na adhuhuri. Hapo modeli inakopa kwa mtu asiye na bidhaa hiyo, na haijui kwamba imekopa, ndiyo maana haisiti.

Kwa hiyo kazi yetu, ile mnayosema hamuioni, ni kutafuta mahali pote ambapo mkopo unaharibu, na kuweka kitu kingine pale. Kwa saa, dawa ni kumnyang'anya modeli hesabu. Tunamwachia atoe vitu viwili tu kwenye meseji: namba ya saa kama mteja alivyoitaja, na neno la kipindi, yaani asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri. Kugeuza kunafanywa na programu ndogo isiyobahatisha:

```python
def saa_24(saa, kipindi):
    giza = kipindi in ("usiku", "alfajiri")
    if kipindi == "asubuhi" and saa >= 10:
        giza = True
    if kipindi == "jioni" and saa <= 2:
        giza = True
    return (saa + (18 if giza else 6)) % 24
```

Saa tatu asubuhi: 3 jumlisha 6, `9`. Saa mbili usiku: 2 jumlisha 18, `20`. Ile mistari minne ya katikati haikuwepo tulipoanza, na tukiri tu, ilitugharimu. Mwenye mabasi mmoja alikuwa na gari linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi. Programu yetu ilichukua 12, ikajumlisha 6, ikatoa `18`, abiria wakakatiwa tiketi za jioni. Mchana wa saa yetu unaanzia saa moja, hivyo saa kumi na mbili ya asubuhi kwa hesabu bado ni ya usiku, ingawa kwa mdomo tunaiita asubuhi. Vivyo hivyo saa moja jioni: mdomo unasema jioni, hesabu inasema usiku. Nauli za siku ile tulirudisha sisi.

Na mteja asipotaja kipindi, roboti haikisii. Inauliza: "Saa tatu asubuhi au saa tatu usiku?" Kama duka halifungui usiku, inakwenda na asubuhi lakini inathibitisha kwa maneno. Kuna wateja wanaotuambia tuliondoe swali hilo kwa sababu linarefusha mazungumzo. Hatuliondoi. Pia tunabakiza swali moja la siku: mtu akisema "usiku wa Ijumaa", wako wanaomaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa na wako wanaomaanisha Ijumaa jua likishazama. Ni tofauti ya saa ishirini na nne, na hapo hata mimi nikiisoma siwezi kujua bila kuuliza.

Saa ni rahisi kwa sababu ina hesabu. Kiambishi ndicho kigumu. Kabla ya kusoma, modeli hukata maneno vipande viitwavyo tokeni, na mkato huo ulipangwa kufuatana na maandishi mengi, yaani Kiingereza zaidi. Neno "hawatatuletea" lina sehemu saba zenye maana: ha-wa-ta-tu-let-e-a. Tokeni mara nyingi hazifuati viungo hivyo, zinakata popote, kama mchinjaji asiyejua maungio. Matokeo yake ni mawili. Ujumbe ule ule kwa Kiswahili hutoa tokeni nyingi zaidi, na huduma hizi zinalipwa kwa tokeni. Sehemu ya bei mnayoilalamikia inakwenda huko, haituingii mfukoni. La pili, herufi moja inayogeuza maana yote inaweza kumezwa ndani ya kipande kisichoeleweka.

Mtu mmoja aliiandikia roboti ya mwenye kununua mazao: "Sijalipwa." Roboti ikasoma kama "sijalipa", ikamtumia maelekezo ya jinsi ya kulipa deni. Anadai yeye, anaambiwa alipe. Alirudia mara mbili, na mara ya pili roboti ikamkumbusha tarehe ya mwisho.

Hapa hakuna programu ndogo ya kuokoa. Tunachofanya ni kuweka ndani ya maelekezo mifano michache ya jozi zinazofanana: sijalipa na sijalipwa, nimepokea na sijapokea, ameniletea na hajaniletea, kila mmoja na hatua yake. Mifano sita iliyochaguliwa vizuri inasaidia kuliko kurasa mbili za maelezo. Juu ya hapo, kila jambo la pesa roboti inalirudia kwa maneno mengine kabla ya kutenda: "Kwa hiyo wewe ndiye unayedai malipo, sivyo?" Asipokubali, mazungumzo yanakwenda kwa mtu.

Njia nyingine ya mkato tunayoletewa ni kutafsiri kila meseji kwenda Kiingereza, kuishughulikia, kisha kurudisha. Hatuidharau. Kama vitabu vya bidhaa vyote ni vya Kiingereza, tunatafsiri swali ili kutafutia tu, na inafaa. Lakini ukiitumia kwa meseji zote, umemweka mfasiri wa mashine mlangoni, na kosa la saa au la "sijalipwa" likitokea pale, maneno ya asili ya mteja hayapo tena ya kulisahihishia.

Halafu kuna kipimo, ambacho ndicho kinachokula siku nyingi. Hatukabidhi roboti kwa kuiona inaongea vizuri, maana ile ya kliniki iliongea vizuri pia. Tunachukua meseji halisi za biashara yako, watu wawili wanaandika kila mmoja peke yake kilichotakiwa kutendeka, wakitofautiana wanakaa pamoja, kisha tunalinganisha na kilichoingia kwenye kalenda au daftari, siyo na jibu lililoandikwa. Kampuni yenye modeli ikiibadilisha, na huibadilisha kweli, tunapima upya. Modeli mpya ikiwa bora kwa Kiingereza haina maana imepona saa yetu.

Kwa hiyo ukituletea kazi, jambo la kwanza tutakuomba ni meseji 300 za wateja wako, majina na namba za simu zikiwa zimefutwa. Kingine usikiguse. Mmoja aliajiri kijana akazisahihisha tahajia zote kwanza, "xaxa" ikawa "sasa", "saa3" ikawa "saa tatu", zikatufikia safi kama kitabu, na ikabidi tumwombe zile za mwanzo.