Picha ya jedwali iliyokatwa kichwa na mguu

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mlichapisha picha ya jedwali la watoto wenye homa, mkoa kwa mkoa, kutoka ripoti ya utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022. Picha ilikatwa ili itoshe kwenye safu yenu. Juu palipotea mstari mmoja wa maneno, na chini tanbihi ya mistari miwili. Habari iliyoambatana na picha ikasema kwamba katika mikoa kadhaa zaidi ya nusu ya watoto walipelekwa kutafuta matibabu. Jedwali halisemi hivyo.

Nafanya kazi ya takwimu za afya wilayani, na majedwali ya aina hii nayafungua karibu kila wiki. Ukitazama ripoti yenyewe, juu ya jedwali hilo kuna visanduku viwili vipana, kila kimoja kimeunganishwa kufunika safu kadhaa. Cha kushoto kinahusu watoto wote walio chini ya miaka mitano, na chini yake kuna asilimia ya waliokuwa na homa ndani ya wiki mbili kabla ya usaili. Cha kulia kinahusu watoto waliokuwa na homa tu. Asilimia ya waliopelekwa kutafuta ushauri au matibabu iko chini ya hicho cha pili. Kwa hiyo katikati ya jedwali, bila mstari mzito wala rangi kukutahadharisha, watoto wanaohesabiwa wanabadilika. Kisanduku kile kipana ndicho kinachokuambia, na ndicho mlichokikata.

Naomba nitumie tarakimu za mfano, kwa sababu sitaki kuusingizia mkoa wowote. Utafiti ule ulifika kaya zaidi ya 15,000 katika mikoa 31, yaani wastani wa kaya kama 500 kwa mkoa. Tuseme katika mkoa mmoja walipatikana watoto 350 wa umri huo, na asilimia 10 kati yao walikuwa na homa. Hao ni watoto 35. Jedwali likisema asilimia 60 walipelekwa kutafuta matibabu, maana yake ni watoto 21 kati ya 35. Habari yenu ingemfanya msomaji afikirie watoto 210 kati ya 350.

Tuendelee hatua moja. Katika jedwali linalofuata, linaloonyesha aina ya dawa za malaria zilizotumika, wanaohesabiwa ni wale tu waliokuwa na homa na wakapewa dawa yoyote ya malaria. Tuseme ni 14 kati ya 35. Kama 13 kati yao walipewa dawa mseto, hesabu inatoa asilimia 93, lakini kwa watoto 14 ripoti haichapishi tarakimu hiyo. Inaweka kinyota. Hapo ndipo tanbihi inapoingia, na hiyo pia haikuwamo kwenye picha yenu.

Tanbihi hiyo hukaa chini ya jedwali kwa herufi ndogo sana. Inasema kwamba tarakimu iliyo ndani ya mabano imetokana na watu 25 hadi 49 waliohesabiwa kabla ya idadi kuwekewa uzani, yaani kurekebishwa ilingane na ukubwa wa watu wa kila mkoa, na kinyota maana yake ni chini ya watu 25, hivyo tarakimu imefichwa. Waandaaji hawakuweka mabano kwa pambo. Chukua mikoa miwili yenye watoto 30 wa homa kila mmoja. Mmoja unaonyesha (90), mwingine (80). Katika kundi la watoto 30 kila mtoto ana uzito wa pointi zaidi ya tatu za asilimia, kwa hiyo pengo lile la pointi 10 ni watoto watatu. Majibu ya mama watatu tu katika mkoa wa kwanza yakiwa tofauti, pengo lote linaweza kutoweka. Habari yenu ilipanga mikoa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ikiwamo ile yenye mabano, na mabano yenyewe yakaondolewa kwenye maandishi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata watu wa fani, nalo ni safu ya idadi iliyo mwisho wa jedwali. Idadi hiyo imeshawekewa uzani ili ilingane na ukubwa wa watu wa kila mkoa, ilhali mabano huamuliwa kwa idadi halisi ya waliosailiwa. Zanzibar ina mikoa 5 kati ya 31 lakini ina takriban asilimia 3 tu ya watu wote kwa sensa ya 2022, kwa hiyo huko wadadisi hufika kwenye kaya nyingi kuliko uwiano wa watu unavyodai, ili mikoa yake nayo isemeke. Ndiyo maana mstari wa mkoa mmojawapo wa Pemba unaweza kuwa na idadi ndogo sana bila mabano, na mkoa mkubwa wa Bara ukawa na idadi inayozidi 50 huku tarakimu yake imo ndani ya mabano. Msomaji asiyejua hili hudhani ni kosa la uchapaji. Hakuna kosa.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu limenikuta. Mwaka jana mwenzangu alipokea skrinshoti ya jedwali la namna hii kwenye kundi la WatsApu, akaziandika tarakimu kwenye Excel kama alivyoziona: 55, 62 na (60). Excel huyasoma mabano kwa desturi ya wahasibu, yaani tarakimu hasi. Ikaandika -60, na wastani ukatoka 19 badala ya 59. Tuliligundua kwa sababu 19 haikuingia akilini. Orodha ingekuwa na mistari arobaini, wastani ungeshuka kidogo tu na tungeupeleka kwenye kikao cha mipango. Visanduku vilivyounganishwa navyo vina mtego wake: ukivitenganisha, maneno hubaki katika kisanduku cha kwanza cha kushoto pekee, na safu zinazofuata hubaki tupu. Mtu wa tatu akilipokea faili, hajui tena safu ya nne ilikuwa ya watoto wenye homa.

Ninachoomba, Mhariri, si kazi kubwa. Picha ikibidi kukatwa, basi ipunguzwe mistari ya mikoa isiyozungumziwa, na kichwa pamoja na tanbihi vibaki. Bora zaidi, jedwali liandikwe upya kwa herufi za gazeti, na maneno “kati ya watoto waliokuwa na homa” yarudiwe juu ya kila safu inayohusika, hata kama yataonekana kujirudia. Tanbihi iwekwe kwa maandishi ya kawaida chini ya picha, kwa kuwa wengi tunawasomea kwenye simu, ambako herufi zile ndogo huwa ukungu mtupu ukijaribu kuzikuza. Na mwandishi anayetaka kupanga mikoa aiache nje ya orodha yake ile yenye mabano.

Nimeambatisha ukurasa mzima wa ripoti, nikazungushia kalamu nyekundu kile kisanduku cha kulia na mistari miwili ya chini. Ningefurahi kuona jedwali likichapishwa tena Jumamosi ijayo vikiwamo vyote viwili.

Mtakwimu wa afya,
Morogoro