Mwanangu alimweleza mgeni kabla yangu

Mpendwa Dada Mshauri,

Nakuandikia saa tisa usiku kutoka Mtwara, baada ya kuamka mara tatu, na naomba uniwie radhi nikirudia maneno. Binti yangu yuko kaskazini mwa Uingereza tangu Septemba, anasomea shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Karo analipiwa na wafadhili, lakini nauli, nguo za baridi na ile ada ya afya inayotozwa pamoja na maombi ya viza tulitoa sisi, kwa fedha ya korosho ya msimu mzima. Simsimangi, nataka tu ujue kwamba mimi si mzazi aliyemtelekeza mtoto.

Juma lililopita aliniambia kwamba tangu Januari anakwenda kwa mnasihi wa chuo. Wameshakaa pamoja mara nne, dakika hamsini kila mara, bila malipo, na zimebaki mara mbili, kwa sababu chuo chake hutoa vikao sita tu, na anayehitaji zaidi huelekezwa kwa daktari wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko. Mara nne! Mtu asiyemjua bibi yake wala babu yake amemsikiliza mwanangu mara nne kabla mimi sijasikia neno.

Anasema ilianza mwishoni mwa Novemba, jua lilipokuwa likizama kabla ya saa kumi alasiri. Akawa halali usiku, anasinzia mchana na kukosa semina. Insha mbili zikapita tarehe, ya tatu akafeli. Msimamizi wake ndiye aliyemwambia aombe miadi. Akapewa fomu inayouliza ni siku ngapi, katika majuma mawili yaliyopita, amekosa usingizi, amekosa hamu ya kula, au amewaza kwamba heri afe. Nilipomuuliza alijibu nini hapo mwisho, alisema mnasihi humuuliza jambo hilo kila wanapokutana, kisha akabadilisha mazungumzo. Zile korosho nilizombangulia mwenyewe na kumtumia kwa msafiri ziko juu ya kabati, hajazifungua.

Kwa haki niseme kwamba Novemba aliwahi kuniambia hapati usingizi. Nilimjibu aache simu, asali na ale vizuri. Lakini huko si kunieleza, au ndiyo kunieleza kwenyewe? Mimi nilidhani ni ugeni, na ugeni huisha.

Jumatatu nilimwomba mpwa wangu, anayejua Kiingereza vizuri, apige simu chuoni. Walijibu kwa adabu kwamba mwanafunzi ni mtu mzima, kwa hiyo hawawezi kusema hata kama jina hilo wanalo miongoni mwa wanaowahudumia, isipokuwa yeye mwenyewe aridhie au maisha yake yawe hatarini. Wasiwasi wetu walisema wataupokea, ila wao hawatatueleza lolote. Nilimzaa mimi, Dada, na jina lake nilimpa mimi.

Sikatai kwamba mnasihi huyo amemsaidia. Alimwandikia barua ya kuthibitisha kwamba anahudhuria, binti akaiambatisha kwenye maombi ya kuongezewa muda, na zile insha mbili akapewa majuma mawili zaidi. Moja amekwisha kuiwasilisha. Ya pili haandiki, anafungua kompyuta na kuitazama tu.

Sasa amepewa fomu nyingine, ya kusitisha masomo kwa muda hadi Septemba. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni imemtahadharisha asisaini kabla ya kuelewa matokeo yake: likizo hiyo inapita siku 60, kwa hiyo chuo kitalazimika kuacha kumdhamini na kuwaarifu watu wa uhamiaji, naye atarudi nyumbani na kuomba viza upya, kwa gharama mpya. Wafadhili bado hawajajibu kama watamngoja. Ameniuliza ninafikiri nini, na anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Nataka arudi, hata kesho, alale chumbani kwangu nimsikie akipumua. Papo hapo sitaki arudi, kwa kuwa najua majirani watakavyouliza, na najua shahada hii ameililia miaka mitatu. Baba yake anasema akaze moyo amalize. Mimi nimefikiria kumwambia avimalize kwanza vile vikao viwili, aende kwa huyo daktari, aombe muda tena kwa insha iliyobaki, ndipo tuzungumze habari ya kusitisha. Lakini nikimwambia hivyo, je, hataona ni mimi yule yule wa Novemba, ninayemwambia avumilie?

Na kuna jambo jingine, ambalo mume wangu hajui kwamba linanisumbua. Je, ni vibaya nikimwomba mwanangu aniambie amemsimulia nini mgeni yule juu yangu?

Mama wa Mtwara