Bando limekwisha, muziki ndio unaolaumiwa

Lalamiko linalotufikia sisi mafundi wa kompyuta kila mara ni hili: "Nimewasha hotspoti nisikilize nyimbo kwenye kompyuta, ndani ya saa tatu tu bando la GB 2 limeyeyuka. Mliponitengenezea mliniwekea nini?" Hatukuweka kitu. Na muziki wenyewe, kwa kawaida, hauna hatia kubwa hivyo.

Tupige hesabu. Wimbo unaotiririshwa kwa ubora wa kati, kilobiti 160 kwa sekunde, unakula kama MB 72 kwa saa. Ukipandisha hadi 320, ni MB 144. Kwa hiyo saa tatu za ubora wa kati ni kama MB 216, na hata ukiweka ule wa juu hufiki MB 450. GB 2 ikipotea ndani ya muda huo, tafuta mlaji mwingine. (Kama wimbo unauchezea kwenye tovuti ya video, hiyo ni habari nyingine: unalipia na picha, hata kama huitazami. Shusha picha hadi 144p.)

Mlaji huyo yuko ndani ya kompyuta yenyewe. Simu inajua kwamba data yake ni ya kupimwa, kwa hiyo hujibana. Kompyuta mara nyingi haijui hivyo. Ikiona hotspoti, inaona waifai kama ile ya ofisini isiyo na kikomo, na inaanza kulipa madeni yote: masasisho ya Windows, ambayo ni mamia ya megabaiti na mara nyingine hupita gigabaiti moja, programu za duka lake, na picha zinazopandishwa winguni bila kukuuliza. Wewe unasikia wimbo tu.

Ushahidi upo kwenye skrini, haihitaji kubishana. Kwenye Windows 11 fungua `Settings > Network & internet > Advanced network settings > Data usage`. Mteja mmoja wa hiyo GB 2 tulimfungulia ukurasa huo mbele yake: programu ya muziki ilikuwa na MB 220, ya kuhifadhi picha karibu MB 480, na mstari wa `System`, yaani Windows yenyewe, GB 1.3. Jumla inakaribia kabisa kile simu yake ilichoonyesha kwenye matumizi ya hotspoti. Hapo hakuna virusi wala fundi mwizi.

Dawa ni swichi moja. Ukiwa umeunganishwa na hotspoti, nenda `Settings > Network & internet > Wi-Fi`, fungua sifa za mtandao huo, kisha washa `Metered connection`. Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho, na OneDrive husimamisha kupandisha mafaili. Haizuii kila kitu: sasisho la dharura linaweza kupita, na zipo programu zisizoiheshimu swichi hiyo, hasa za michezo. Hizo zifunge mwenyewe.

Sasa tuje kwenye njia ya mkato inayowagharimu watu zaidi: kufomati. Mtu akishaamini kwamba kompyuta "ina virusi vya kula bando", anaipeleka popote ifutwe upya kwa bei ya kutupa. Windows mpya haikumbuki swichi yako ya zamani. Zaidi ya hapo, ina masasisho ya miezi kadhaa ya kuyashusha, programu za kuendesha vifaa, na programu zote upya. Siku ya kwanza ya kuwasha hotspoti ndiyo inayokula kuliko mwezi mzima uliopita, kisha mteja anarudi na hasira mara mbili. Sisi tukifomati, tunasasisha hapa hapa kwa mtandao wetu mpaka orodha ya kusubiri iwe tupu, ndipo tunakabidhi. Ndiyo maana bei yetu iko juu ya ya jirani na kazi inalala dukani. Anayeona ni ghali ajumlishe na bando atakalolinunua baada ya kuokoa pesa hizo.

Jambo lingine linalowarudisha watu kwetu: swichi hiyo inashikilia jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukiazima simu ya mwenzako, kompyuta inauona kuwa mtandao mpya, na swichi imezimwa. Vivyo hivyo ukiunganisha simu kwa waya wa USB. Kompyuta huuona muunganisho huo kama `Ethernet`, kwa hiyo nenda kwenye sehemu hiyo uiwashe tena huko.

Na kama nyimbo unazosikiliza ni zilezile kila siku, zishushe usiku mmoja kwenye waifai isiyopimwa, programu nyingi za muziki za kulipia zinaruhusu. Siku zinazofuata hotspoti unaweza hata kuizima.