Somoe, hayo madafu yanayochemka usimpe mtu

Lindi, Jumapili usiku

Shoga yangu Somoe,

Salaam aleikum. Hali yangu nzuri, watoto wazima, mama mkubwa bado mguu unamsumbua lakini anatembea mpaka uwani. Ujumbe wako wa jana niliusoma niko sokoni nikasema hii siijibu kwa vidole viwili, ngoja nikae niandike vizuri, maana suala la madafu we unajua kwangu si la kupita tu.

Kwaiyo umenunua madafu thelathini Msangamkuu Jumatano, yakavushwa na feri, yakapanda basi mpaka Masasi, yakalala stoo chini ya bati, na Jumamosi mkaanza kuyapasua kwa ajili ya wageni wa akdi ya mwanao. Mengine matamu, mengine ukiweka mdomoni yanawasha ulimi kama soda na yana harufu ya uchachu. Alafu mama mkwe akasema hiyo ni gesi ya dafu bichi tu, kunyweni, na we ukaniuliza kama ni kweli. Shoga, nampenda sana mama yako mkwe na simvunjii heshima, ila hapo amechanganya vitu viwili, na nadhani najua kwa nini.

Dafu zima kabisa, limetoka mtini leo, ukilichoma kisu maji yanaweza kukurukia usoni. Hilo ni kweli na ni jema, maana yake limejaa na maji yamebanwa mle ndani. Lakini yakisharuka yameisha, yanatulia. Ukiyamimina kwenye glasi povu la kumiminia linapotea muda uleule na maji yanabaki kimya. Yaliyochachuka hayatulii. Weka glasi mezani uhesabu taratibu mpaka sitini, ukiona vipovu vidogo bado vinapanda kutoka chini kimoja kimoja, hiyo siyo nguvu ya dafu, kuna kitu kiko hai mle ndani kinakula sukari na kutoa gesi, gesi ileile wanayotia viwandani kwenye soda. Na pua itakwambia hata kabla ya glasi: weka pua kwenye tundu pale ulipotoboa, dafu zima linanuka kama majani mabichi na utamu kidogo, ila lililoharibika linanuka hamira, au linanuka kama ndoo ya uraka iliyolala.

We mtoto wa kusini bwana, huhitaji mtu akufundishe hili. Mabibo ukiyakamua asubuhi si ni juisi tu, ukiiacha kesho yake imekuwa uraka na hakuna aliyeweka kitu. Na mjomba wangu alivokuwa anagema, tembo la alfajiri lilikuwa tamu hata sisi watoto tukalionja, saa sita linawasha, jioni kali, likiachwa siku kadhaa ni siki unatia kwenye kachumbari. Maji ya dafu yana sukari pia, si nyingi sana, ila inatosha. Hamira ya hewani ikiingia inageuza sukari kuwa kilevi na gesi, bakteria nao wanaigeuza kuwa asidi ndo ule uchachu. Kwaiyo hata kama tumbo lisingeuma, wewe ulikuwa unawapa mashehe wa akdi kinywaji kilichoshaanza safari ya kuwa tembo, na najua usingependa.

Sasa swali lako la pili ndo zuri zaidi, kwa nini mengine na siyo yote wakati yametoka shamba moja siku moja. Nimeangalia zile picha ulizotuma wasap nimezikuza moja moja. Ni kwamba ndani ya dafu zima hamna mdudu, maji yake ni safi toka Mungu alivoyafunga, kwaiyo kama yamechachuka basi kuna mlango ulifunguka. Umeniambia ishirini yalikuja na makumbi yake na kumi yule kijana aliyachonga kabisa yakabaki meupe ili mzigo uwe mwepesi. Katika saba yaliyochemka, matano ni ya kuchongwa. Hapo jibu lipo. Lile kumbi la kijani ndo nguo ya dafu, na kile kikonyo na kofia yake pale juu vinafunika yale macho matatu, na katika macho matatu moja ni laini, ndo chipukizi la mnazi linapotokea. Ukichonga au ukichomoa kofia lile jicho laini linabaki wazi, alafu kifuu cha dafu si kama cha nazi, bado kiteketeke, kikikaa kwenye joto kinakauka kinapasuka nyufa ambazo jicho halizioni. Dafu la kuchongwa ni la kunywa siku ileile, au likae kwenye friji siku chache, siyo siku tatu chini ya bati la Masasi.

Yale mawili yaliyobaki, ya makumbi mazima, ndo yamenifanya nikuze picha. Moja lina doa la maji chini ya kofia, linang'aa, lile limevuja kwenye jicho. La pili kofia ipo ila upande mmoja kumbi limebonyea. Hilo liliangushwa shoga. Kama siyo mkwezi alilitupa kutoka juu badala ya kushusha mkungu kwa kamba, basi ni utingo pale Mnazi Mmoja mlipohamisha mzigo. Nje unaona kubonyea kidogo tu ila ndani kifuu kimeshaachia. Me ndo maana nikinunua natikisa kila moja sikioni. Dafu lililojaa halisemi kitu, au linasema kidogo sana. Likichakacha sana ujue maji yamepungua, ama limekaa siku nyingi ama linavuja. Usichanganye na nazi lakini, nazi kavu lazima ichakache, nazi isiyochakacha ndo ya kuiogopa.

Kuna jambo jingine usije ukamwaga madafu mazima ukidhani mabovu. Ukipasua ukakuta kitale, yani bado changa sana halina nyama, maji yake yanakuwa na ukakasi fulani na utamu mdogo, mtu anaweza kusema yamechacha. Hayajachacha, hayana harufu wala vipovu, ni uchanga tu. Na lililopitiliza likaelekea koroma maji yake yanapoa utamu yanakuwa na chumvichumvi, nalo zima. Ukibaki na shaka lipasue kabisa uangalie nyama. Nyama nzima nyeupe, inateleza safi kama yai la kuchemsha. Mbovu inakuwa na utelezi wa kunata, au imeingia kijivu, unjano, au madoa ya ukungu, na harufu inakupiga.

Alafu zile chupa mbili. Umesema uliyamimina maji ya dafu saa tano asubuhi ukatia kwenye chupa za maji za lita moja na nusu ukaweka mezani, jioni ukafungua ikasema psss. Hapo hata dafu liwe la mtume usingepona, maana ulishafungua mlango mwenyewe: kisu, mikono, chungio, chupa iliyotumika, alafu joto la mchana kutwa. Yakishatoka kwenye dafu ni ya kunywa palepale, au moja kwa moja kwenye friji kwenye chupa iliyochemshwa, na humo usiyavushe kesho yake. Mwanangu wa pili aliumwa tumbo siku mbili, kuhara na kutapika, kwa maji ya dafu ya chupa niliyonunua stendi kwa mtu mmoja, chupa ilikuwa imevimba kidogo kitako nikaona nikadharau. Sijisamehi kabisa, kwaiyo sikufichi.

Na usijaribu kuyachemsha uyaokoe. Ukichemsha unaua hamira na bakteria ila uchachu unabaki, na kama kuna sumu ya ukungu baadhi ya sumu hizo hazijali moto. Hili la ukungu ndo limenifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Kuna madaktari wa Denmaki waliandika mwaka 2021 habari ya mzee mmoja wa miaka 69, alinunua dafu la kuchongwa, la kukaa kwenye baridi, yeye akaliacha mezani karibu mwezi mzima. Alivuta kidogo tu kwa mrija akaona ladha mbaya akaacha, akalifungua akakuta ndani pameoza pana utelezi. Baada ya masaa manne na nusu jasho, kichefuchefu, kutapika, akachanganyikiwa, ubongo ukavimba, hawakuweza kumuokoa. Walikuta ukungu unaotengeneza sumu inayoshambulia ubongo. Siyo kwamba kila dafu lenye vipovu litafanya hivo, hapana, mara nyingi ni tumbo tu au hata hamna kitu, na la kwako ni siku tatu siyo mwezi. Ila ukiwa na dafu mkononi huwezi kujua ndani ni hamira tu au na ukungu umo, ulimi hautofautishi. Ndo maana nasema tema, usimeze ili uhakikishe, na usimwachie mtoto amalizie kwa sababu limeshapasuliwa.

Waliokunywa jana waangalie tu. Kama ni tumbo la kawaida maji mengi na ile chumvi ya pakiti ya kuhara. Ila mtu akianza kutapika bila kukoma, au anaongea ovyo, au viungo vinamtetemeka, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali na lile dafu libebe kwenye mfuko waone.

Umebakiwa na mangapi ya makumbi? Kwa hesabu yangu kama kumi na mbili. Yatoe chini ya bati leo hii, yaweke ndani sakafuni penye kivuli, yasibebane, kofia usiziguse, na toboa moja moja mtu anapotaka. Yale ya kuchongwa yaliyobaki usihangaike nayo, yatupe tu.

Kwa ajili ya walima wa Jumamosi ntakuletea mwenyewe. Nimeshaongea na mkwezi wa Kitunda, atashusha kwa kamba Alhamisi jioni, mikungu mizima na vikonyo vyake, yavuke feri Ijumaa alfajiri nipande nayo basi la kwanza, nitayabana miguuni siyo kwenye buti. Nitafutie tu panga lenye makali na mtu wa kunipokea stendi.

Msalimie mama mkwe sana, mwambie nitamletea na siki ya mnazi.

Shoga yako,
Zuhura