Kwa mdogo wangu: haki ilikuwa yako, ila ulijibu mapema

Assalaam alaykum mdogo wangu.

Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua kukipambazuka. Watoto wanakuulizia. Nimeona nikuandikie huku kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu umeshawaambia watu wengi kwamba siku ile ya kikao cha harusi nilikuuza, nikanyamaza Baba Mkubwa alipokutuhumu. Kama wameusikia upande wako, basi na wa kwangu wausikie.

Kwanza nikupe lililo lako. Hukula hela ya mtu. Kamati nzima ya harusi haikuwa na mhazini mwaminifu kukushinda wewe, na Baba Mkubwa alikukemea bila haki, mbele ya wakwe, mbele ya vijana uliowakusanyia michango kwa miguu yako. Hilo halina mjadala kwangu na halijawahi kuwa na mjadala.

Lakini turudi kwenye kaunta buku. Wewe ndiye uliyeichora ile mistari: jina, ahadi, taslimu. Jumla ya ahadi ilikuwa 9,450,000. Jumla ya taslimu, yaani hela iliyoingia kweli, ilikuwa 6,180,000. Ukumbi, chakula na kadi vilikuwa vimekula 5,200,000, na mkononi ulikuwa na 980,000. Hesabu imekaa sawasawa, hakuna hata mia iliyopotea. Baba Mkubwa alivyoomba daftari, akavaa miwani na kupitisha kidole chini, kidole kiliteremkia safu ya ahadi. Akachukua milioni tisa na ushee, akatoa matumizi na hela iliyobaki, akapata 3,270,000 isiyo na maelezo. Halafu akasema lile neno. Sitalirudia hapa.

Milioni tatu ile ilikuwa mifukoni mwa watu walioahidi na hawajatoa. Jibu lake lilikuwa sentensi moja: "Baba Mkubwa, hiyo uliyosoma ni safu ya ahadi, taslimu ni hii ya pembeni." Basi. Kikao kizima kingegeuka kuwatazama wadaiwa.

Wewe ukasimama. Kiti kikaanguka nyuma. Ukamwambia, "Na wewe mwenyewe hujatoa hata shilingi, unamuuliza nani?"

Na ilikuwa kweli, mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ilikuwa kweli tupu, imeandikwa kwa mkono wako kwenye ukurasa wa kwanza, na kweli hiyo ndiyo iliyokuangamiza. Tangu ulipoitamka hakuna aliyeuliza tena habari ya hela. Watu waliuliza mtoto gani huyu anamsimamia baba yake mkubwa na kumuumbua mbele ya wakwe. Mpaka pale yeye ndiye alikuwa na deni lako, deni la kukuomba radhi. Kwa sentensi moja ukamfutia, ukamwandikia yeye ndiye anayekudai. Niliyaona yakitokea usoni mwake. Alikuwa ameanza kusitasita, kidole bado kiko kwenye karatasi, nadhani alishahisi kuna kitu hakijakaa vizuri. Uliposimama, akafunga daftari.

Unasema mtu akitukanwa hadharani asipojibu papo hapo, watu wataona amekubali. Nakuelewa, na wala si hofu ya kijinga. Ukinyamaza kabisa, ukainamisha kichwa, kuna watakaosema kimya chake kinamshtaki. Ila kati ya kunyamaza na kujibu kuna kitu cha tatu, nacho ni kuomba nafasi kwa sauti, watu wote wakusikie. "Baba Mkubwa, nimekusikia. Hilo ni jambo zito, naomba nifungue daftari nijibu vizuri." Hujakubali chochote hapo, wala hujakataa. Umewaambia mashahidi kwamba jibu lipo na linakuja. Sentensi kama hiyo mtu anatakiwa awe nayo mdomoni kabla, kama vile tulivyokuwa na "shikamoo", kwa sababu ukishakasirika hutaweza kuitunga.

Nikwambie kwa nini hutaweza. Unajua kazi yangu, haya nayaona wodini kila zamu. Mtu akishtuka au akiaibishwa, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, masikio yanawaka, taya linakaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, na ukiwa katika hali hiyo macho na akili vinamwangalia adui tu. Ndiyo maana ulikuwa karibu na daftari ulilolichora mwenyewe na hukuona kidole cha mzee kiko safu gani. Mimi niliyekuwa nimekaa upande wa pili niliona. Usidhani nakuzidi akili. Mimi sikuwa nimetukanwa.

Moto huo hauzimiki kwa dakika moja. Mara nyingi mwili huhitaji kama dakika ishirini, au zaidi, mapigo yarudi chini, na hiyo ni kama hujarudi kuuchochea kwa kuyarudia maneno yale kichwani. Kwa hiyo usingoje uwe mtulivu ndipo uanze. Anza na mwili wenyewe. Toa pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mara kadhaa. Moyo unapunguza mbio wenyewe. Legeza taya. Bandika nyayo chini. Na kaa. Sisi tulifundishwa hili chuoni kabla sijajua uuguzi ni nini: Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema, katika hadithi aliyoipokea Abu Dharr, kwamba mmoja wenu akikasirika naye amesimama basi akae, hasira zikimtoka ni vizuri, zisipomtoka alale. Uliihifadhi wewe kabla yangu. Mwalimu alikupa kashata, ukanimegea nusu.

Wewe ulikuwa umekaa, ukasimama.

Halafu baada ya kikao ukafanya jambo la pili ambalo lilinikera kuliko la kwanza. Ulikwenda kijiweni ukaisimulia. Kesho yake ukaisimulia tena. Ukampigia binamu yetu wa Muscat, ukamsimulia na yeye. Unasema ulikuwa unatoa nyongo. Nyongo haitoki hivyo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa na mwanasaikolojia Brad Bushman huko Marekani: wanafunzi walikasirishwa makusudi, kisha baadhi wakapewa mfuko wa mazoezi wa ngumi, wapige huku wakimfikiria yule aliyewakasirisha. Wengine walikaa kimya tu, hawakufanya kitu. Waliopiga huku wakimfikiria mtu wao ndio waliotoka na hasira zaidi. Na wewe kila ulipoisimulia ulikuwa unapiga ule mfuko. Nilisikia kisa chako kikibadilika: mara ya kwanza Baba Mkubwa alikosea hesabu, mara ya tatu alikuwa amepanga tangu zamani, mara ya mwisho na mimi nilikuwa nimo.

Tuje kwangu sasa.

Ni kweli niliona kidole kiko safu ya ahadi. Sijawahi kukataa. Unauliza kwa nini sikusema. Ningesema saa ngapi? Lile neno lilipomtoka nilikuwa nimeshafungua mdomo, na kabla sijamaliza kusema "Baba" wewe ulikuwa umeshasimama. Baada ya hapo ningesema nini kingesikika? Mwanamke, mtoto wa mdogo wake, anamsahihisha mwenyekiti dakika ileile alipoumbuliwa na mdogo wa huyo mwanamke? Wangesema tumekula njama. Hata hesabu yenyewe wangeikataa kwa sababu imetoka mdomoni mwangu wakati ule. Wewe unaniona nilikaa kwa woga. Nilikaa ili abaki mtu mmoja katika nyumba yetu ambaye Baba Mkubwa bado anaweza kumsikiliza. Na alinisikiliza. Jumapili yake nilikwenda na Shangazi, nikamwekea daftari mapajani, nikamwonyesha safu mbili. Aliangalia muda mrefu. Akasema, "Kumbe." Halafu akasema, "Lakini alivyonijibu, je?"

Unaona? Hesabu ilimchukua dakika chache kuikubali. Jibu lako ndilo hajalimaliza mpaka leo. Angekuwa hana hilo la kushikilia, angesimama kikao kilichofuata akakusafisha, maana si mtu mbaya, na ada yako ya kidato cha tano unajua ilitoka wapi. Hukupenda nilipokukumbusha hilo kwenye simu. Nalikumbusha tena.

Wala sikwambii umeze. Aliyeitwa mwizi mbele ya watu ana haki ya kusafishwa mbele ya watu wale wale, na akikaa muda mrefu bila kujibu neno linaota mizizi. Wakwe wetu hawakuwepo siku ya "kumbe". Ila ulipaswa kutenganisha vitu viwili ambavyo Baba Mkubwa aliviunga pamoja. Kuna dai, kwamba hela haionekani. Hilo linajibiwa kikaoni, kwa daftari, na ujumbe wa miamala kwenye simu, na risiti ya ukumbi. Kuna tusi, lile neno. Hilo halijibiwi kikaoni hata kidogo. Linapelekwa nyumbani kwake na mtu mzima anayemheshimu, akaambiwa kwamba kijana ameumia. Ukivijibu vyote kwa pumzi moja, watu hushika tusi wakaacha dai, kwa sababu tusi ndilo tamu kusimulia.

Shangazi amekubali kutuita wote Jumapili ijayo, kwake, baada ya alasiri. Watakuwepo wale wale, na baba mkwe ameitikia. Daftari ninalo. Nimeandika jumla kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, ahadi upande huu na taslimu upande huu, na Shangazi ameniambia Baba Mkubwa mwenyewe ndiye atakayeisoma. Usiombe radhi kwa hela, maana hukuila. Omba radhi kwa namna ulivyomjibu, hapo tu, usiongeze "lakini" mbele yake. Yeye akiona la kusema, aseme. Asiposema siku hiyo, namba zitakuwa zimeshasomwa kwa sauti yake, na wakwe watakuwa wamezisikia.

Kama moyo unakwenda mbio ukiwa njiani, mwambie bodaboda akushushe msikitini, uje kwa miguu kutoka pale. Tutakungoja. Na namba yangu uliyoifungia, ifungue, Mama anataka nikutumie picha za harusi, zile ambazo kote ulipokuwa unatakiwa usimame nimesimama mimi.

Dada yako