Binti yangu anataka kuondoa benchi saluni

Shangazi, nakuita hivyo kama wasomaji wenzangu, ingawa nadhani nimekuzidi umri. Nina miaka 57, ni msusi, niko Ngamiani hapa Tanga. Nilianza kwa kusuka twende kilioni barazani kwa mama mkwe, nikajifunza dawa ya kulainisha nywele kwenye saluni ya watu, na mwaka 2003 nikapanga fremu yangu. Nina viti viwili, sinki moja, draya moja ya kofia, na benchi la mninga la kukaa watu watano. Hilo benchi ndilo linalotugombanisha.

Binti yangu ni wa pili kuzaliwa. Alifanya kazi saluni moja ya Dar es Salaam miaka miwili, akarudi mwaka jana kunisaidia. Mkono anao, sitamnyima haki yake. Nywele akizipiga rola zinatoka kama zimepigwa pasi. Ila amerudi na mambo ya miadi. Mteja aandike kwenye simu, apewe saa yake, atume elfu tano ya kutangulia kwa lipa namba, aje akae kitini moja kwa moja. Benchi litoke, pale pawekwe meza ya kucha. Anasema, "Mama, watu siku hizi hawana muda wa kukaa."

Mwezi wa tatu nikamkubalia tujaribu Jumamosi tu. Jumamosi ya kwanza sisi sote wawili tulihudumia watu saba, wakati mimi peke yangu siku kama hiyo nagusa sita. Nilimwonyesha kosa lilipo. Mteja wa dawa na kuseti anakula saa mbili na robo, lakini mikono yangu anaihitaji saa moja na robo tu: kupaka, kuosha, kupiga rola, na mwisho kuchana. Ile saa nzima anayokaa chini ya draya mimi nipo huru, ndipo namvuta mwingine kutoka kwenye benchi naanza kumpaka. Binti yangu yeye alimpa kila mteja saa mbili na nusu za kiti, kwa hiyo mmoja akiwa kwenye draya, kiti kipo kitupu na yeye anachezea simu. Nikamwambia, hesabu mikono, usihesabu kiti. Hilo alilielewa, akapanga upya, mteja wa pili akawa anaingia wa kwanza akienda kukauka. Nikaona basi, tumefika.

Kumbe bado. Jumamosi ya nne nilikwenda msibani Muheza, nikamwachia saluni. Mteja wa saa tatu alikuwa ameshalipa elfu tano yake tangu Alhamisi. Anataka ritachi. Akakaa, akapakwa. Baada ya dakika kama tano akasema kisogo kinawasha. Binti yangu akamwambia avumilie kidogo, maana nywele zilikuwa hazijalainika, na wa saa nne na robo anataka kiti. Alipokuja kumwosha, ngozi ya kisogoni imeshachubuka, kipande kama sarafu ya mia mbili. Yule dada alikuwa amefumua rasta usiku wa Ijumaa na kujikuna na kitana mpaka basi. Anayejua kazi hii anajua kuwa kichwa cha namna hiyo hakipakwi dawa. Dawa ya kulainisha ni kali, na ngozi iliyokwaruzwa haina cha kuizuia. Mimi humrudisha mteja nyumbani, aje baada ya wiki, na hata akirudi nampaka kwanza mafuta ya mgando pembeni mwa uso, masikioni na kisogoni. Na mtu akisema inawasha, hapo hapo ni maji, hata kama nywele bado ngumu. Nywele zilizobaki ngumu utazirudia siku nyingine.

Tulimrudishia hela yake, nikalipia na zahanati. Kidonda kilipona, ila pale nywele zilichelewa kuota na sasa anafunga kilemba.

Nilipomuuliza binti yangu kwa nini hakukagua, akanijibu, "Alikaa tu kitini, Mama, na saa ilikuwa yake." Ndipo nikaelewa benchi langu linafanya kazi gani. Mtu akikaa pale nusu saa, mimi namwona. Namwona anavyojigonga gonga kichwa kwa kiganja, maana aliyetoka kufumua hawezi kutulia. Nasikia anavyomwambia jirani yake kuwa jana alikesha anafumua. Mpaka zamu yake ifike, nimeshajua cha kumfanyia na cha kumnyima.

Binti yangu hakukaa kimya. Akaongeza swali kwenye ujumbe wa miadi: umefumua lini? Ni wazo zuri, lakini wanadanganya. Mtu ameshatuma elfu tano, ana harusi kesho, unadhani atakuambia kafumua jana? Mmoja aliandika wiki mbili, alipofika ukimpanua nywele unaona njia za rasta bado zimejichora kichwani, nyeupe kabisa. Nilimrudisha. Akataka hela yake, na binti yangu akanuna siku nzima kwa sababu nafasi imepotea.

Nisijifanye malaika, Shangazi. Mwezi wa sita bi harusi mmoja alikaa kwenye benchi hilo hilo toka saa tatu mpaka saa nane mchana kwa sababu mimi sikatai mtu, kila anayeingia namwambia karibu, ukae. Akaondoka analia, akaenda kupambwa kwingine. Na daftari langu la madeni lina laki moja na themanini za watu wa mtaani ambao naona haya kuwadai. Tangu lipa namba ije, binti yangu hana deni hata moja. Tena wasichana wa ofisini wanaokuja kwa miadi ni wake, mimi hawanijui.

Sasa kikoba chetu kinavunjwa mwezi ujao, fungu langu ni laki tisa na kitu. Yeye anataka tununue draya ya pili na meza ya kucha, benchi litoke. Mimi nataka draya, meza sitaki. Juzi akaniambia kwa sauti ya chini, mezani tunakula, kwamba kuna fremu Chumbageni inapangishwa, na kama mimi sitaki kubadilika atakwenda kuanza mwenyewe. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kijiko alikishika vile vile alivyokuwa anakishika mdogo, katikati.

Nimewaza nimwambie hivi: miadi ibaki siku zote, lakini mteja wa dawa aje nusu saa kabla akae kwenye benchi nimkague mimi, na elfu tano arudishiwe akikataliwa kwa ajili ya kichwa chake. Benchi likatwe nusu, libaki la watu wawili, meza ya kucha ikae upande ule mwingine. Lakini akikubali kwa sababu tu ya hela ya kikoba, je, siku nikiwa sipo atakagua? Au nimpe hela yote aende Chumbageni, ajifunze kwa vichwa vya watu? Hilo ndilo linalonitisha kuliko kubaki peke yangu.

Na jingine, dogo: hilo daftari la madeni, nimpe yeye alidai? Anaomba kila siku.

Mama Msusi,
Ngamiani, Tanga