YAH: Mbao za mninga zilizopungua kipimo, na ombi la kurejeshewa fedha

Kwa Meneja Mauzo,

Mimi ni fundi seremala, Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua kwenu mbao 40 za mninga daraja la kwanza, 2x6, futi 12, kwa ajili ya fremu za milango. Bei kwenye profoma ilikuwa shilingi 2,400,000 kwa mita moja ya ujazo.

Muuzaji mwingine alinitajia shilingi 72,000 kwa ubao. Ili nilinganishe, nilizigeuza bei zote mbili kuwa za mita moja ya urefu. Futi 12 ni mita 3.66, hivyo bei yake ilikuwa kama shilingi 19,670 kwa mita. Kwenu, inchi 2 ni mita 0.0508 na inchi 6 ni mita 0.1524; ukizidisha unapata 0.00774, na hiyo mara 2,400,000 ni takriban shilingi 18,580 kwa mita. Ndiyo maana nikaja kwenu, nikalipia mita za ujazo 1.133, shilingi 2,719,200.

Mzigo ulipofika niliupima kabla gari halijaondoka. Kila ubao niliupima sehemu tatu, kwa sababu ncha hudanganya. Urefu ulikuwa sawa, lakini unene ulikuwa milimita 44 na upana 140. Dereva wenu alisema zimepigwa randa. Hapana: alama za msumeno bado zinaonekana pande zote nne, na profoma yenyewe imeandikwa "rafu". Ingeandikwa kwamba zitapigwa randa ningekubali, maana ni desturi kulipia kipimo cha kabla ya randa. Wala zisisemwe zimesinyaa. Mninga unasifika kwa kusinyaa kidogo mno, na hapa unene umepungua karibu milimita 7. Mbao hizi zilipasuliwa hivyo tangu mwanzo.

Kwa kipimo nilichopokea, 0.044 mara 0.140 ni 0.00616, na kwa bei yenu wenyewe mita moja ni shilingi 14,784. Nimezidishiwa karibu shilingi 3,790 kila mita, na mita ziko 146.4. Jumla ni takriban shilingi 555,000.

Kuna jambo la daraja pia. Mbao 9 zina ukanda mweupe ubavuni, ile sehemu ya nje ya gogo iliyo karibu na gome. Dudu hula hapo kwanza, na fremu ya mlango wa nje haistahimili. Mninga wa daraja la kwanza nilioulipia ni ule mwekundu wa ndani.

Naomba mnirejeshee shilingi 555,000 na kunibadilishia mbao hizo 9, kwa gharama yenu ya usafiri, ndani ya siku 14. Mbao zote ziko karakana kwangu, sijakata hata moja. Tumeni mtu aje na tepu yake, tupime pamoja.

Nimeambatisha profoma, risiti na picha za vipimo.

Wenu,
Mteja